Sura ya 7: Mia kwa Mia

Barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik hupita kwanza katika chai ya makampuni, mashamba mapana ambayo jicho halioni mpaka wake. Ukifika sehemu za Litein na Kapkatet, na ukiingia Bomet kuelekea Mogogosiek, chai ni ileile lakini mikono iliyoipanda ni mingine. Haya ni mashamba ya wakulima wadogo, wale ambao majani yao huenda kwenye kituo cha kununulia chai na kutoka hapo kwenye viwanda vya KTDA. Hapa mipaka inaonekana, tena kila baada ya hatua chache. Vipande vingi ni vyembamba na virefu: vinaanzia barabarani, vinateremka mlima hadi kijitoni.

Umbo hilo lina sababu. Baba akigawa shamba, kila mwana anataka mlango wa barabarani, na kama kuna maji bondeni, anataka na njia ya kufika majini. Kwa hiyo shamba hupasuliwa kwa urefu, kama mtu anavyopasua ubao. Kizazi kinachofuata hupasua tena kwa urefu uleule, na vipande vinazidi kuwa vyembamba bila kuwa vifupi.

Katika sura hii nataka tuithibitishe sheria moja ndogo ya hesabu, na vipande hivi ndivyo vitakavyotuonyesha inasema nini hasa. Sheria yenyewe ni hii: chukua namba yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri, kisha uipindue, yaani ugawe 1 kwa namba hiyo. Jumlisha namba na hiyo iliyopinduliwa. Jibu halitashuka chini ya 2 hata siku moja. Tano na moja ya tano ni 5.2. Nusu na mbili ni 2.5. Tisa ya kumi na kumi ya tisa ni 2.011 na kidogo. Namba moja tu ndiyo inayotoa 2 kamili, nayo ni 1 yenyewe.

Kwa maandishi ya hesabu tunasema: ikiwa x > 0, basi x + 1/x ≥ 2.

Sasa turudi shambani. Wauzaji wa ardhi nchini Kenya wana vipimo vyao vya kila siku. Kipande cha futi 50 kwa futi 100 huitwa "hamsini kwa mia", na watu hukihesabu kuwa moja ya nane ya ekari. Kipande cha futi 100 kwa futi 100 ni "mia kwa mia", robo ekari ya mtaani. Nasema ya mtaani kwa sababu robo ekari kamili ni futi za mraba 10,890, na mia kwa mia ni 10,000 tu. Tuache tofauti hiyo kwa leo, maana 10,000 ni namba itakayotuhudumia vizuri.

Chukua kipande cha mia kwa mia, halafu ukivute kiwe kirefu bila kubadilisha eneo lake. Upande mmoja ukiuzidisha mara mbili, wa pili lazima uugawe kwa mbili: futi 200 kwa futi 50. Ukivuta mara nne, unapata futi 400 kwa futi 25. Kwa jumla, ukivuta mara x, upande mmoja unakuwa 100x na mwingine 100/x, na eneo linabaki 10,000 kwa sababu x moja imezidisha na nyingine imegawa. Mzingo wa kipande, yaani urefu wa mpaka wake wote, ni mara mbili ya jumla ya pande hizo, sawa na:

200 × (x + 1/x)

Hapo ndipo sheria yetu inapoingia shambani. Mtu anayezunguka kipande chake akiweka fensi anaipima x + 1/x kwa miguu yake. Kipande cha mraba kina mzingo wa futi 400. Cha 200 kwa 50 kina futi 500. Cha 400 kwa 25 kina futi 850. Ukiweka nguzo kila baada ya futi 10, wa kwanza anahitaji nguzo 40, wa pili 50, wa tatu 85, na wote watatu wana ardhi sawa kabisa. Kusema kwamba x + 1/x haishuki chini ya 2 ni sawasawa na kusema kwamba hakuna namna ya kukizingira kipande cha pembe nne mraba chenye futi za mraba 10,000 kwa fensi iliyo fupi kuliko futi 400.

Lakini tumejaribu maumbo matatu tu. Mtu mbishi atauliza: na futi 125 kwa 80? Tunapiga hesabu: mzingo ni 410. Na 105 kwa 95 na kitu? Bado ni zaidi ya 400. Tunaweza kuendelea hivi hadi jioni na tusiwe tumethibitisha lolote, kwa kuwa namba zilizobaki ni nyingi kuliko tulizojaribu, na zitabaki kuwa nyingi hata tukijaribu milioni moja. Kikokotoo nacho hakitatuokoa. Weka 1.00001 kwenye kikokotoo cha tarakimu kumi, ujumlishe na iliyopinduliwa. Kitakuandikia 2, kana kwamba namba hii nayo imelingana na 1. Jibu la kweli ni kubwa kuliko 2 kwa karibu 0.0000000001, na tarakimu hiyo ya mwisho haikupata nafasi kwenye kioo. Kwa hiyo tunahitaji hoja inayozishika namba zote kwa mara moja.

Hoja inaanzia kwenye jambo ambalo hakuna anayelipinga: namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi. Chanya mara chanya ni chanya, hasi mara hasi ni chanya, na sifuri mara sifuri ni sifuri. Kwa hiyo, vyovyote x ilivyo,

(x − 1)² ≥ 0

Tuyafungue mabano. (x − 1) mara (x − 1) ni x² − 2x + 1. Basi:

x² − 2x + 1 ≥ 0

Tuongeze 2x pande zote mbili:

x² + 1 ≥ 2x

Sasa tugawe pande zote kwa x. Hapa simama kidogo. Kugawa kwa namba chanya hakubadilishi upande ulio mkubwa: kama mimi nina kingi kuliko wewe, nusu yangu ni kubwa kuliko nusu yako. Kugawa kwa namba hasi hugeuza: 6 ni kubwa kuliko 4, lakini −6 ni ndogo kuliko −4. Sisi tuliambiwa x ni chanya, na hapa ndipo tunapoitumia ruhusa hiyo. Tukigawa, x² inakuwa x, 1 inakuwa 1/x, na 2x inakuwa 2:

x + 1/x ≥ 2

Uthibitisho umekwisha. Na kuhusu ulingano, angalia tulikoanzia: (x − 1)² ni sifuri pale tu x inapokuwa 1. Namba nyingine yoyote inaacha kitu juu ya sifuri, na kitu hicho kinasafiri nasi hadi mstari wa mwisho. Kwa hiyo 2 kamili inapatikana kwa x = 1 peke yake, yaani mraba peke yake ndio wenye mzingo wa futi 400.

Mistari hii minne ni mifupi hivi kwamba wanafunzi wengi huiandika kwa kuanzia mwisho. Mwanafunzi anaandika kwanza x + 1/x ≥ 2, anazidisha kwa x, anahamisha 2x, anafika (x − 1)² ≥ 0, kisha anamalizia: "hii ni kweli, kwa hiyo ya kwanza ni kweli." Jibu lake linaonekana kama letu lililosomwa kutoka chini kwenda juu, na mwalimu asiye makini humpa alama zote. Lakini mantiki yake ina pengo. Kuanza na dai na kufika kwenye ukweli hakuthibitishi dai, kwa sababu hata uongo unaweza kukufikisha kwenye ukweli. Anza na dai kwamba −3 ni kubwa kuliko 2. Zidisha kila upande kwa wenyewe: unapata 9 ni kubwa kuliko 4, ambayo ni kweli tupu. Je, −3 imekuwa kubwa kuliko 2?

Kilichomwokoa mwanafunzi ni kwamba kila hatua yake inaweza kurudiwa kinyumenyume bila kuharibika. Kuongeza kunarudishwa na kutoa. Kuzidisha kwa x chanya kunarudishwa na kugawa kwa x chanya. Hatua ya kuzidisha kila upande kwa wenyewe ndiyo hairudi, kwa kuwa ukiona 9 huwezi kujua ilitoka 3 au −3. Kwa hiyo kuanzia mwisho ni njia nzuri ya kutafuta uthibitisho kwenye karatasi ya kuchafulia. Ukishaupata, uandike upya kutoka kwenye jambo usilolitilia shaka hadi kwenye dai. Huenda ndivyo mtu aliyeiona (x − 1)² mara ya kwanza alivyoiona, haikumshukia tu.

Ukiondoa sharti la x kuwa chanya, sheria inaanguka mara moja. Chukua −2: ukiipindua ni −0.5, jumla ni −2.5, ambayo iko chini kabisa ya 2. Lakini tazama jinsi inavyoanguka kwa mpangilio. Ukigawa x² + 1 ≥ 2x kwa namba hasi, alama inageuka, na matokeo yake kwa namba zote hasi ni x + 1/x ≤ 2. Hilo ni kweli ila halitupi mengi, kwani jumla ya namba mbili hasi haikuwa na njia ya kupita sifuri. Ukianza na (x + 1)² ≥ 0 badala yake, unapata la maana zaidi: namba hasi ikijumlishwa na iliyopinduliwa haipandi juu ya −2. Hivyo kati ya −2 na 2 kuna eneo ambalo jumla hii haifiki kamwe. Sifuri haina la kusema hapa, maana 1 haigawanyiki kwa sifuri, na kipande cha ardhi chenye upana wa futi sifuri si kipande.

Uthibitisho huu una zawadi ambayo hesabu za kujaribu namba mojamoja haziwezi kutupa. Hautuambii tu kwamba mraba ndio wenye mpaka mfupi. Unatuambia kwa kiasi gani maumbo mengine yanauzidi. Ziada yote ya x + 1/x juu ya 2 ni sawa na

(x − 1)² / x

Chukua kipande kilichovutwa kidogo, futi 110 kwa karibu futi 91. Hapa x ni 1.1, x − 1 ni 0.1, na 0.1 mara 0.1 ni 0.01 tu. Ukigawa kwa 1.1 na kuzidisha kwa 200, ziada ya mpaka ni chini ya futi mbili. Ukikosa mraba kwa asilimia 10, mpaka unaongezeka kwa chini ya nusu ya asilimia. Hii ndiyo sababu hakuna mkulima anayepaswa kugombana na ndugu yake juu ya kipande kisicho mraba kamili. Hasara ndogo ikizidishwa kwa hasara ndogo ni hasara ndogo sana. Lakini ukifika x = 2, ziada ni 1/2, yaani futi 100 za fensi. Ukifika x = 4, ziada ni 9/4, yaani futi 450. Kipande kinaposogea mbali na mraba, gharama haiji polepole tena.

Nami naona kuna njia ya pili ya kuthibitisha sheria hii inayostahili nafasi, kwa sababu unaweza kuiona kwa macho bila kugawa chochote. Kata karatasi nne zinazofanana, kila moja iwe mfano wa kipande cha 200 kwa 50. Zipange kuzunguka kama panka: ya kwanza ilale juu, ya pili isimame kuliani ikianzia pale ya kwanza inapoishia, ya tatu ilale chini, ya nne isimame kushoto. Zinaunda mraba mkubwa, na katikati kunabaki tundu la mraba. Kila upande wa mraba mkubwa ni urefu wa karatasi moja na upana wa nyingine, 200 na 50, jumla 250. Tundu la katikati lina upande wa 200 kutoa 50, yaani 150.

Sasa hesabu eneo. Mraba mkubwa ni 250 mara 250, sawa na 62,500. Tundu ni 150 mara 150, sawa na 22,500. Tofauti ni 40,000, ambayo ni karatasi nne za 10,000. Rudia kwa 400 na 25: mraba mkubwa ni 425 mara 425, sawa na 180,625, tundu ni 375 mara 375, sawa na 140,625, tofauti ni 40,000 tena. Karatasi zinabeba eneo lilelile kila mara, kwa hiyo mraba mkubwa hauwezi kupungua chini ya 40,000, na upande wake hauwezi kupungua chini ya 200. Unafika 200 siku tundu linapozibika, na tundu linazibika pale urefu na upana vinapolingana. Na upande wa mraba mkubwa ni nini? Ni urefu na upana wa kipande kimoja, nusu ya mzingo wake. Ukitumia futi 100 kama kipimo cha 1, umesema kwa michoro kwamba

(x + 1/x)² = 4 + (x − 1/x)²

na kwa kuwa sehemu ya pili ya kulia haiwi hasi, kushoto hakushuki chini ya 4. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alihakikisha majibu yake ya milinganyo kwa kuchora miraba na kuikamilisha namna hii.

Tuipeleke sheria kwenye jambo linaloumiza zaidi kuliko fensi. Mpaka katika shamba la chai hula ardhi. Kuna ua, kuna njia ya wachumaji kupita na vikapu vyao, na hakuna apandaye shina juu ya mpaka. Tuseme kila mwenye kipande anaacha futi 3 bila chai kuzunguka upande wa ndani wa mpaka wake. Basi urefu unapungua kwa futi 6 na upana unapungua kwa futi 6. Eneo linalobaki la chai ni (100x − 6) mara (100/x − 6), na ukifungua mabano unapata:

10,036 − 600 × (x + 1/x)

Jumla yetu imejitokeza tena, safari hii ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kadiri x + 1/x inavyokuwa kubwa, ndivyo chai inavyopungua. Mraba unabaki na futi za mraba 8,836 za chai. Kipande cha 200 kwa 50 kinabaki na 8,536. Cha 400 kwa 25 kinabaki na 7,486. Chai ikipandwa kwa nafasi ya futi 4 kwa futi 2 na nusu, kila shina linachukua futi za mraba 10. Wa kwanza ana mashina kama 883, wa mwisho 748. Mashina 135 yamepotea, na cheti cha ardhi kinasema watu hawa wawili wana kipande sawa.

Sasa fikiria baba mwenye ekari ya mtaani, futi 200 kwa 200, na wana wanne. Anaweza kuwapa vipande vinne vya mia kwa mia, au mikanda minne ya 200 kwa 50 inayoshuka kutoka barabarani. Kwa mikanda, mipaka ya ndani ni mistari mitatu ya futi 200, jumla 600. Kwa miraba, ni mistari miwili inayokatana, jumla 400. Na chai ya miraba yote minne inaizidi ya mikanda kwa futi za mraba 1,200, mashina 120.

Hapo mtu wa hesabu anayesoma haraka atamwambia baba achague miraba. Asikimbilie. Miraba miwili ya nyuma haigusi barabara. Inahitaji njia, na tuseme njia ya upana wa futi 10 inayopita kati ya ndugu wawili wa mbele, kila mmoja akitoa futi 5. Vipande vyao sasa ni 95 kwa 100, na baada ya kuacha ukingo wa futi 3, kila mmoja anabaki na chai ya 89 mara 94, sawa na 8,366 badala ya 8,836. Wawili hao wamepoteza 940 kwa pamoja. Faida ya 1,200 imeshuka hadi 260, mashina 26 kwa familia nzima, na wawili wa mbele wana haki ya kudai fidia kwa ardhi waliyoitoa. Mimi ningekuwa baba huyo, nisingeona mashina 26 kuwa sababu tosha ya kuwatenga watoto wawili na barabara. Kanuni yetu inajua mzingo; haijui lori la chai linasimama wapi.

Lakini usiishie kizazi kimoja. Mwana aliyepewa mkanda wa 200 kwa 50 naye ana wana wanne, na anapasua kwa urefu tena ili wote wapate barabara. Kila mjukuu anapata futi 200 kwa 12 na nusu. Eneo lake ni 2,500. Akiacha futi 3 kila upande, upana wa chai ni futi 6 na nusu tu, na chai yake ni 1,261: karibu nusu ya kipande imekuwa mpaka. Ardhi hiyohiyo ya 2,500 ikiwa mraba wa hamsini kwa hamsini ingekuwa na chai ya 1,936. Hapa faida ya njia haiwezi tena kuifunika hasara ya umbo. Baba aliyekuwa sahihi kukata mikanda anafuatwa na mwana ambaye, akikata mikanda vilevile, anakosea sana. Uamuzi wa kukata ni uleule, ila ziada ya (x − 1)²/x imefika mahali inapouma.

Kuna njia nyingine ya kuitumia sheria hii, na hiyo ni ya kujilinda. Proklo, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5, katika maelezo yake juu ya kitabu cha kwanza cha Euklidi, anataja watu waliodhulumu wenzao katika kugawana ardhi kwa kutumia mpaka. Walimwachia mwenzao kipande chenye mpaka mrefu, wao wakachukua chenye mpaka mfupi, na juu ya hayo wakasifiwa kwa uadilifu. Kipande cha mpaka mfupi ndicho kilichokuwa kikubwa. Mpaka wa futi 500 unaweza kuzunguka 200 kwa 50, ambayo ni 10,000, au 125 kwa 125, ambayo ni 15,625. Anayehesabu hatua za mpaka na kuzilinganisha hajalinganisha ardhi.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mpaka haulisemei uongo: unaweka kikomo cha juu. Kwa kipande chenye pembe nne mraba, chukua mzingo, ugawe kwa 4, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe. Eneo la kipande haliwezi kupita hapo, kwa uthibitisho uleule tulioufanya. Zingatia mambo mawili. La kwanza, pembe ziwe kweli nne na mraba, kwa kuwa duara la mpaka uleule hubeba eneo kubwa zaidi. La pili, futi zipimwe kwa usawa, si kwa kulaza kamba kwenye mteremko. Kilima chenye mwinamo wa digrii 20 hufanya futi 94 za usawa zionekane 100, na eneo linaloandikwa kwenye cheti ni la usawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukionyeshwa kipande cha pembe nne mraba huko Bomet, ukaambiwa ni mia kwa mia, na wewe ukakizunguka kwa kamba ya kupimia ukapata futi 360, huna haja ya kupima zaidi. Mia tatu sitini gawanya kwa nne ni tisini, na tisini mara tisini ni 8,100. Hicho ndicho kiasi kikubwa kabisa ambacho mpaka huo unaweza kuzunguka. Usitie saini, mwite mpima ardhi mwenye leseni aje kupima mbele yako.